Sura ya mwizi haionekani kwenye kamera: tafuta tatizo lilipo kabla ya kuipeleka picha "kusafishwa"

Kamera ya ulinzi ikitoa sura yenye ukungu, ombi linalofuata huwa lilelile: "Fundi, isafishe tumwone." Ombi hilo linachanganya matatizo mawili ambayo hayafanani hata kidogo. Kuna wakati sura imo kwenye rekodi lakini wewe umeshika nakala mbovu, na hapo kazi inawezekana. Na kuna wakati, ambao ndio mwingi, sura haikuingia kwenye rekodi tangu mwanzo. Programu itakayokuletea sura safi katika hali hiyo ya pili itakuwa imeitunga. Tutaanza na dalili inayotibika, kisha tuingie kwenye zile zisizotibika.

Ili hesabu zisielee hewani, tushike mfano mmoja hadi mwisho. Duka la vipuri lina kamera moja chini ya paa la kibaraza, inatazama uwanja mzima. Inarekodi pikseli 1920 kwa 1080, ile wanayoita "HD kamili", na lenzi yake inaona pembe ya nyuzi 90. Usiku mtu anakatiza uwanja akiwa mita 12 kutoka kwenye kamera, anatembea mwendo wa kawaida. Asubuhi mwenye duka anafungua simu, anavuta picha kwa vidole viwili, anakuta uso ni doa la kijivu.

Dalili ya kwanza: picha ina ukungu hata kabla hujaivuta

Ukuta una ukungu, maandishi ya bango ambayo mchana unayasoma yana ukungu, kila kitu kimelainika. Hapa usimlaumu mwizi kwa kupita mbali. Uwezekano mkubwa ni kwamba unatazama nakala ya nakala.

Mashine nyingi za kurekodi hutunza mikondo miwili. Kwenye menyu utaiona imeandikwa `Main Stream` na `Sub Stream`. Wa kwanza ndio kamili. Wa pili ni mdogo, mara nyingi pikseli 640 kwa 360, umewekwa ili simu yenye bando dogo iweze kutazama bila kukwama. Mwenye duka akipiga skrinishoti kwenye simu, anachopata ni ule mdogo. Kisha anautuma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nao unabanwa tena. Ukimfikia fundi, umeshapunguzwa mara mbili na rekodi yenyewe haijaguswa.

Tiba ni kwenda kwenye mashine na flashi, kutoa kipande husika kutoka mkondo mkuu kama faili la video, na kulihamisha lilivyo. Kabla ya kuamini kwamba umepata lililo kamili, liulize faili lenyewe kwenye kompyuta, kwa `ffprobe` inayokuja na programu ya bure ya `ffmpeg`:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,bit_rate -of default=nw=1 kamera.mp4
```

Ukiona `width=640`, rudi kwenye mashine. Ukiona `width=1920`, hapo ndipo umeanza. Tofauti ni kubwa: 640 kwa 360 ina pikseli moja ya tisa ya zile za mkondo mkuu. Hapa ndipo pekee katika mwongozo huu ambapo mtu anaweza kuondoka na sura bora kuliko aliyokuja nayo, na ni ya kweli, kwa sababu kamera iliiona na mashine ikaitunza. Fanya haraka. Diski ikijaa, mashine inaandika juu ya rekodi za zamani, na kwenye maduka mengi hiyo ni suala la siku chache tu.

Dalili ya pili: umepata mkondo mkuu, lakini ukivuta sura inageuka vigae

Mandhari ni safi. Nguzo inaonekana, pikipiki iliyoegeshwa inaonekana. Ukimvuta mtu, uso wake unakuwa miraba michache ya kijivu. Mwenye duka huuliza kwa hasira kidogo: "Si uliniambia hii ni HD?" Ni HD kweli, ila HD ni idadi ya pikseli za picha nzima, na uso umepewa sehemu ndogo sana.

Piga hesabu. Kwa pembe ya nyuzi 90, umbali wa mita 12, kamera inaona upana wa mita 24. Gawanya 1920 kwa 24: kila mita imepata pikseli 80. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo umepata pikseli 13. Kutoka kidevuni hadi utosini ni kama sentimita 23, nazo ni pikseli 18. Uso mzima wa mshukiwa wako, basi, ni pikseli 234. Kati ya mboni ya jicho moja na nyingine ni pikseli 5. Jicho lenyewe ni pikseli 2 na kidogo. Kovu la sentimita moja halifikishi hata pikseli moja. Limechanganywa na ngozi inayolizunguka, likatoka kama kijivu kimoja.

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kiliweka ngazi zinazosaidia hapa. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 kwa mita zinamwezesha anayemfahamu mtu huyo kusema kama ni yeye. Pikseli 250 kwa mita ndizo zinazotakiwa ili mtu usiyemjua aweze kutambulishwa bila shaka ya maana. Kamera yetu ina 80. Imefanya kazi yake ya kuonyesha kwamba mtu alipita, ikaishia hapo.

Halafu kuna kubanwa kwa video, jambo ambalo wengi hulisahau. Mfumo wa H.264, unaotumika kwenye mashine nyingi, hukata kila fremu katika vipande vya pikseli 16 kwa 16 na kuamua ni maelezo kiasi gani ya kila kipande yatunzwe. Uso wetu una upana wa pikseli 13. Unaweza kuingia karibu wote ndani ya kipande kimoja. Mashine iliyopangiwa kuokoa nafasi ya diski huona kipande hicho cheusi cha usiku, kilichofanana na kile cha fremu iliyotangulia, na kutunza mabadiliko machache tu, au kunakili cha zamani. Hivyo hata zile pikseli 234 si zote ushahidi wa wakati huo. Baadhi ni mabaki ya fremu iliyopita. Mraba mweusi unaouona penye jicho huenda ni ukingo wa kipande cha video, si jicho.

Nini hakirudi hapa, na kwa nini? Pikseli moja ni wastani wa mwanga wote ulioangukia eneo lake. Chukua maeneo manne madogo yenye mwanga wa 90, 110, 80 na 120. Wastani wake ni 100. Maeneo yenye 100, 100, 100 na 100 nayo yana wastani wa 100. Vivyo hivyo 40, 160, 60 na 140. Kamera iliandika 100 na kutupa mengine. Hakuna hesabu inayoweza kuanza na 100 ikajua ni kundi gani kati ya hayo lilikuwa mbele ya lenzi. Hili si suala la kompyuta kuwa dhaifu. Kompyuta ya miaka mia ijayo nayo itaanza na 100 hiyohiyo.

Dalili ya tatu: sura imeburuzwa kando

Wakati mwingine pikseli zinatosha lakini uso una mkia, kama umefutwa kwa kidole. Hiyo ni kamera kuacha jicho lake wazi muda mrefu kutafuta mwanga. Usiku, kamera nyingi hupokea mwanga kwa sekunde 1/25 kwa kila fremu. Mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde husogea sentimita 5.6 katika muda huo. Kwenye mfano wetu hizo ni pikseli 4 na nusu, na kumbuka kwamba kati ya macho mawili kuna pikseli 5 tu. Jicho moja limepakwa karibu hadi lilipo la pili.

Zipo hesabu halali za kurudisha nyuma mburuzo, na wataalamu wa picha huzitumia. Zinahitaji kujua mburuzo ulikwenda upande gani na kwa urefu gani, kisha zinaugawanya utoke. Tatizo ni kwamba mburuzo haufifishi kila kitu sawasawa. Michoro yenye upana unaolingana na urefu wa mburuzo hufutika kabisa, na kuirudisha ni kugawanya kwa sifuri. Kinachotokea ni kwamba chembechembe za usiku, zile pikseli zinazochezacheza gizani, zinakuzwa mara nyingi, na kando ya kila ukingo vinatokea vivuli vya mistari. Ukiona pua yenye mistari miwili au mitatu pembeni, ujue ni hesabu inalalamika.

Kuchanganya fremu nyingi ni njia nzuri zaidi, lakini kwa vitu vilivyotulia. Gari likisimama mahali pamoja, ukichukua fremu 16 na kuzipatia wastani, chembechembe hupungua hadi robo, na namba ya gari iliyokuwa imezama gizani yaweza kusomeka. Hayo ni maelezo ya kweli, yalikuwemo yamegawanyika kwenye fremu. Uso wa mtu anayetembea haukubali sana. Unageuka, unainama, taa inaupiga upya kila hatua, na vile vipande vya 16 kwa 16 vimekwisha kuuharibu kwa namna tofauti kwenye kila fremu.

Dalili ya nne: programu imetoa sura safi kabisa, hadi nyusi zinahesabika

Hii ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote. Watu hudhani ndiyo mwisho wa tatizo, na ndipo linapoanza.

Programu za akili mnemba za kusafisha sura hufundishwa kwa kuonyeshwa sura nyingi nzuri, kila moja ikiwa na nakala yake iliyoharibiwa makusudi. Zinajifunza kwamba doa la namna hii kwa kawaida hutokana na jicho la namna ile. Ukizipa doa lako, zinaweka jicho linaloelekea kufaa. Jicho hilo limetoka kwenye mazoea ya programu, yaani kwenye nyuso za watu wengine ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wako. Moja ya makusanyo yanayotumika sana kwa mafunzo hayo, FFHQ, ina picha 70,000 zilizochukuliwa kwenye mtandao wa Flickr. Ngozi, meno, nywele na mwanga vimetokana na aina ya watu waliokuwa wakipakia picha nzuri huko.

Kisa kinachoonyesha hili waziwazi ni cha mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE. Iliweza kuchukua uso wa pikseli 16 kwa 16 na kutoa picha ya 1024 kwa 1024. Linganisha na mfano wetu: 16 kwa 16 ni pikseli 256, na mtu wetu ana 234. Ni hali ileile. Kwa kila pikseli moja iliyoingia zilitoka 4,096, maana yake 4,095 zilipaswa kutoka mahali pengine. Zilitoka kwenye StyleGAN, mashine ya kutunga sura iliyojengwa na kampuni ya Nvidia na kufundishwa kwa picha za FFHQ.

PULSE haikujifanya inafufua sura. Ilichofanya ni kutembea ndani ya ghala la sura zinazoweza kutungwa, ikitafuta moja ambayo ukiipunguza hadi 16 kwa 16 inafanana na picha uliyoipa. Sura kama hizo ni nyingi mno, na yenyewe ilichukua iliyoikuta. Mwezi wa Juni mwaka huo mtu mmoja aliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi vigae. Vigae vile, kwa mtu yeyote anayefuatilia habari, vilikuwa vya Obama bila ubishi. Programu ikatoa mwanamume Mzungu mwenye sura safi na ngozi nyororo. Watafiti walieleza kwamba sura zinazotoka ni za watu wasiokuwepo na kwamba programu haifai kumtambulisha mtu.

Liangalie jambo hilo kwa karibu. Ukiichukua sura ya yule Mzungu na kuipunguza tena hadi 16 kwa 16, utapata vigae vinavyofanana sana na vya Obama. Kwa hiyo hoja ambayo watu huitoa, "lakini ukiipunguza inarudi ileile," haithibitishi lolote. Hayo ndiyo masharti iliyopewa tangu mwanzo, na maelfu ya nyuso tofauti yanayatimiza.

Usiku kuna mtego wa ziada. Kamera ikiwasha taa zake za infraredi inarekodi kijivu, na infraredi haiakisiwi kama mwanga wa mchana. Ngozi nyeusi hutoka imefifia kuwa nyeupe zaidi, na shati jeusi la kitambaa cha kiwandani laweza kutoka jeupe kabisa. Programu inayopokea picha hiyo haijui habari za infraredi. Inaona ngozi nyeupe, inaipaka rangi ya ngozi nyeupe, na kuchora sura inayoendana nayo. Rangi ya ngozi, ya nguo na ya macho kwenye picha ya usiku "iliyosafishwa" zote ni za kubuni, asilimia mia.

Kwa wanaotaka kujua undani: programu iitwayo CodeFormer, iliyotoka 2022, ina kitelezi kinachoandikwa `-w`, kutoka 0 hadi 1. Ukikipeleka chini unapata sura nzuri zaidi, ukikipeleka juu unapata sura iliyo karibu zaidi na ile mbovu uliyoingiza. Waliotengeneza wamekuwa wakweli kuweka kitelezi hicho nje, kwa kuwa kinakuambia kwamba uzuri na uaminifu vinavutana. Programu nyingi za simu zina kitufe kimoja tu, na wenye programu wameshakuchagulia uzuri.

Utajuaje kwamba sura imetungwa

Jaribio la kwanza lifanye kwa uso wako mwenyewe, kwa sababu huo ndio uso pekee ambao una jibu lake mkononi. Piga selfi, ikate ibaki sura tu, kisha:

```
ffmpeg -i uso.jpg -vf "scale=16:-1:flags=area" ndogo.png
ffmpeg -i ndogo.png -vf "scale=512:-1:flags=bicubic" kubwa.png
```

Hiyo `kubwa.png` ina ukungu ule wa kamera ya uwanjani. Ipe programu unayoiamini. Itakayotoka ipeleke kwa ndugu yako asiyejua unachofanya na umuulize huyu ni nani. Mkikaa pamoja na picha halisi, tazameni umbo la sikio, mstari wa nywele, pua inapoishia, pengo la meno kama unalo. Wenye chale au alama usoni watazikosa kabisa, kwa sababu pikseli 16 hazikuzibeba na programu haina sababu ya kuzikisia.

Jaribio la pili ni la rekodi yenyewe. Usisafishe fremu moja. Toa fremu kumi zinazofuatana na usafishe kila moja peke yake. Mtu hawezi kubadilika sura ndani ya nusu sekunde. Kama doa la shavuni lipo kwenye fremu ya tatu, limepotea ya nne, likahamia kidevuni ya saba, doa hilo halikuwa la mtu. Vivyo hivyo ukiikata picha ileile pikseli moja kushoto kisha uisafishe upya, au ukiipitisha kwenye programu mbili tofauti: kitu cha kweli hubaki mahali pake, cha kubuni hutangatanga. Angalizo moja tu. Kutulia si uthibitisho. Programu yenye mazoea mazito yaweza kukupa pua ileile mara kumi, na ikawa si pua ya huyo mtu.

Zipo pia dalili za macho. Ngozi isiyo na hata kinyweleo kwenye picha ambayo ukuta wake wa nyuma una chembechembe tele. Sura imekaa mbele kama picha ya pasipoti ilhali kichwa kilikuwa kimeinama. Sikio moja limechorwa, la pili limeyeyuka kwenye nywele. Kola ya shati inayoingia shingoni. Uso safi juu ya mwili wenye ukungu ndiyo alama kubwa kuliko zote, kwa kuwa lenzi haichagui.

Dalili ya tano: "kila mtu mtaani amemtambua"

Picha iliyosafishwa ikishatumwa kwenye kundi la mtaa, jina hupatikana ndani ya saa moja. Hilo halina ajabu. Sura iliyotungwa kutokana na wastani wa nyuso nyingi inafanana kidogo na watu wengi, na mtaani hakukosi kijana mwenye umbo lile na kofia ile. Picha yenye ukungu ilikuwa angalau inamwambia mtazamaji "sioni vizuri". Ile safi imeondoa onyo hilo.

Baya zaidi ni kwa shahidi. Mlinzi aliyemwona mtu yule kwa sekunde mbili gizani, ukimwonyesha sura safi, kumbukumbu yake inashika sura hiyo. Kesho akiulizwa ataieleza ile ya programu, kwa nia njema kabisa, na hakuna tena njia ya kutenganisha alichokiona na alichoonyeshwa.

Hata bila kusafisha, picha hafifu imetosha kumtia mahabusu asiye na hatia. Detroit, Marekani, Januari 2020, mwanamume alikamatwa mbele ya familia yake baada ya mfumo wa kutambua nyuso kulinganisha fremu hafifu ya kamera ya duka na picha yake ya zamani ya leseni ya udereva. Aliyemchagua kwenye picha za utambuzi hakuwepo dukani siku ya wizi. Aliitazama video tu. Mwaka 2024 jiji lilifikia naye makubaliano, na polisi wake wakazuiwa kumkamata mtu kwa kutegemea matokeo ya mfumo huo peke yake. Sasa fikiria mfumo kama huo ukilishwa sura iliyotungwa. Utatafuta mtu anayefanana na mtungo, na utampata, kwa sababu kazi yake ni kuleta wanaokaribiana zaidi.

Mwaka huohuo wa 2024, mwezi Machi, jaji wa Kaunti ya King katika jimbo la Washington alikataa video ya simu iliyokuzwa kwa akili mnemba kwenye kesi ya mauaji. Video ya asili ilikubaliwa. Iliyokataliwa ni ile iliyoongezewa pikseli, kwa kuwa njia iliyotumika haionekani ndani yake wala haijakubalika miongoni mwa wachunguzi wa video. Na Septemba 2025, FBI ilipotoa picha za mshukiwa wa mauaji ya mwanaharakati wa siasa za kihafidhina Charlie Kirk kule Utah, mitandao ilijaa matoleo "yaliyosafishwa" ambayo yenyewe kwa yenyewe hayakufanana.

Kinachoweza kufanywa na pikseli 234

Mwangaza unaweza kupandishwa, mradi unapandishwa kwa picha nzima na unaandika ulichofanya. Kukuza kwa `neighbor` au `bicubic`, njia za kawaida za `ffmpeg` za kukuza picha, hakuongezi kitu wala hakubuni. Kunasaidia macho tu. Kisha achana na uso. Mtu yuleyule asiye na sura ana saa aliyopita, upande alikotokea na alikoelekea, urefu unaoweza kukadiriwa kwa kumlinganisha na nguzo uliyoipima kwa futi kamba, mkoba, namna anavyochechemea. Fuata njia yake hadi kwenye kamera ya jirani. Duka la tatu kwenda barabarani laweza kuwa lilimpata mita 3 kutoka kwenye lenzi, na hapo unapata uso ambao hauhitaji programu yoyote.

Faili la asili lipe alama yake siku hiyohiyo kwa `sha256sum kamera.mp4`, andika kwenye karatasi namba inayotoka, ambayo hubadilika faili likiguswa, pamoja na tarehe, na polisi wakabidhi hilo. Kama lazima utume picha kwenye kundi, tuma yenye ukungu wake. Saa ya mashine nayo iangalie. Nyingi ziko nyuma au mbele kwa dakika kadhaa, na tofauti hiyo iandikwe kabla mtu hajairekebisha.

Kuhusu usiku ujao, rudi kwenye hesabu ile. Pikseli 1920 ukizigawa kwa 250 unapata mita 7.7. Huo ndio upana mkubwa kabisa ambao kamera hii inaweza kutazama ikabaki na uwezo wa kumtambulisha mtu. Ya kibaraza iache iendelee kutazama uwanja. Ongeza ya pili, ya bei ileile, iliyoelekezwa mahali ambapo kila mtu lazima apite, geti au mlango, ikiona upana wa mita 3 au 4 tu. Ifunge karibu na usawa wa kichwa, kwa sababu kamera ya juu hurekodi kofia. Weka taa ya kawaida hapo getini ili muda wa kupokea mwanga uweze kushushwa hadi sekunde 1/100. Mtu anayetembea atasogea sentimita 1.4 badala ya 5.6. Kisha pita mwenyewe saa mbili usiku, toa fremu kutoka mkondo mkuu, na uhesabu pikseli za uso wako kutoka sikio hadi sikio. Zikifika 40, kaza skrubu.